Milioni 48 za wakfu: tununue viti vya harusi au tujenge fremu?

Kikao cha kamati ya msikiti chenye shilingi milioni 48 mezani na mapendekezo mawili ya namna ya kuzitumia huwa kirefu, na mara nyingi humalizwa na mwenye sauti kubwa au mwenye umri mkubwa. Anayependekeza husema mradi wake utajilipa wenyewe. Anayepinga hukumbusha kuwa mradi kama huo ulikufa katika msikiti wa jirani. Huenda wote wawili wanasema kweli, lakini katibu akitazama daftari lake hakuti namba hata moja ya kuandika katika muhtasari wa kikao.

Wafanyabiashara na wahasibu wana vipimo vitatu vya kushindanisha miradi: muda wa kurejesha mtaji, faida juu ya mtaji, na thamani halisi ya leo. Hesabu zake hazizidi kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Ugumu wake ni kwamba vipimo hivi vinaweza kutoa majibu yanayopingana juu ya miradi ileile, na asiyejua kila kimoja kinajibu swali gani atachagua kile kinachomuunga mkono. Tuchukue mfano mmoja, tuuhesabu mwanzo hadi mwisho, tuone.

Mapendekezo mawili

Chukulia msikiti wa mtaani wenye milioni 48, zilizotokana na michango ya waumini na wosia wa mzee mmoja aliyetaka mali yake iwe wakfu kwa ajili ya madrasa. Lengo limeandikwa wazi: mradi utakaochaguliwa ulipe walimu 2 wa madrasa, kila mmoja shilingi 300,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hizo ni shilingi milioni 7 na laki 2. Kwa sasa walimu hao hulipwa kwa sahani inayopitishwa baada ya sala, na kuna miezi sahani hairudi na kitu cha kutosha.

Pendekezo la kwanza ni kununua vifaa vya shughuli vya kukodisha: viti vya plastiki, maturubai, meza, masufuria makubwa na vipaza sauti. Pendekezo la pili ni kujenga fremu 4 za maduka kwenye ukingo wa kiwanja cha msikiti unaotazama barabara, kila fremu kwa milioni 12. Kila mradi unameza milioni 48 zote, kwa hiyo ukichaguliwa mmoja mwingine unaachwa.

Kabla ya kipimo, andiko

Hakuna kipimo kinachoweza kusahihisha namba mbaya. Kwa sababu hiyo kazi kubwa iko katika andiko la mradi, yaani karatasi inayoonyesha, mwaka kwa mwaka, fedha itakayoingia mkononi na fedha itakayotoka. Tofauti ya hizo mbili ndiyo mapato safi, na ndiyo pekee inayopimwa.

Katika vifaa vya shughuli, mapato ya mwaka wa kwanza huwa makubwa kwa sababu vitu ni vipya na watu hupenda vipya. Kisha viti huvunjika miguu, maturubai hupauka kwa jua na kuchanika, na mtu mwingine mtaani hununua ya rangi mpya. Tena harusi hazigawanyiki sawasawa katika mwaka: Shaabani na Shawwal stoo huwa tupu, na Ramadhani nzima viti hukaa vimepangwa. Ukishatoa gharama za gari, vijana wa kufunga maturubai, mlinzi wa stoo na vitu vinavyopotea, tuseme mapato safi ni milioni 20 mwaka wa kwanza, 18 wa pili, 14 wa tatu, 9 wa nne na 5 wa tano. Baada ya hapo kilichobaki ni chakavu. Jumla ni milioni 66.

Angalia jambo moja ambalo mpendekezaji husahau. Ukihesabu siku zote ambazo maturubai yatatoka, utaingiza na siku za misiba. Lakini ni msikiti gani utakaomdai pango la viti mjane aliyefiwa jana? Siku hizo zitakuwepo, vifaa vitachakaa, na fedha haitaingia. Katika hesabu hii misiba imeandikwa sifuri tangu mwanzo.

Katika fremu, pango ni shilingi 250,000 kwa mwezi kwa kila moja. Fremu 4 kwa miezi 12 ni milioni 12. Ila mpangaji huondoka, na mwingine hachukui siku ileile. Tukadirie kila fremu ikae mwezi 1 tupu kila mwaka, tunatoa milioni 1. Rangi, mifereji, milango na tozo za jengo tunatoa milioni 1 nyingine. Yanabaki mapato safi ya milioni 10 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza ujenzi unachukua miezi 6, kwa hiyo tunaandika milioni 5. Kwa miaka 10 jumla ni milioni 95. Pango tumeliacha palepale miaka yote, ili matumaini ya kulipandisha yasibebe mradi usioweza kujibeba.

Kuna fedha moja isiyoingia katika andiko hili kabisa, nayo ni malipo ya mchoro wa fremu ambayo kamati ilishamlipa fundi mchoraji mwaka uliopita. Mtu atasema, "Tumekwishalipia mchoro, tukiacha fremu ni hasara." Fedha ile imeondoka, na haitarudi hata tukichagua viti. Kinachopimwa ni fedha ya kuanzia leo kwenda mbele. Kwa upande wa pili, kuna gharama isiyo na risiti ambayo lazima iandikwe: ukingo ule wa kiwanja ndipo waumini wanapotandika mikeka siku ya Idi ndani kunapojaa. Ukijengwa, mahali hapo hapapo tena. Hili halina namba, lakini mkutano mkuu uambiwe kabla ya kupiga kura.

Kipimo cha kwanza: mtaji utarudi lini?

Muda wa kurejesha mtaji ni kipimo ambacho kila muuza duka anakijua hata kama hajui jina lake. Unajumlisha mapato safi mwaka baada ya mwaka mpaka yafikie fedha uliyotoa.

Vifaa vya shughuli: mwaka wa kwanza 20, wa pili 18, zimefika 38. Zimebaki 10, na mwaka wa tatu unaleta 14. Kumi katika 14 ni kama miezi 9. Mtaji unarudi baada ya miaka 2 na miezi 9.

Fremu: 5 za mwaka wa kwanza, kisha 10 kwa miaka 4, zimefika 45 mwisho wa mwaka wa tano. Zimebaki 3 katika 10, kama miezi 4. Mtaji unarudi baada ya miaka 5 na miezi 4.

Kwa kipimo hiki viti vinashinda kwa mbali, na anayevitetea atakaa hapo. Kipimo hiki kina faida yake: kinaonyesha fedha itakaa hatarini kwa muda gani. Mtaa ukiwa na tetesi za kupanuliwa barabara, mtaji unaorudi upesi una maana kubwa. Lakini kina upofu mmoja: hakioni chochote kinachotokea baada ya siku mtaji uliporudi. Hakijui kwamba viti vimebakiwa na miaka 2 na ushei ya kudhoofika, ilhali fremu ndiyo kwanza zinaanza kuleta ziada.

Kipimo cha pili: faida ni kiasi gani kwa kila shilingi?

Faida juu ya mtaji hupatikana hivi: jumla ya mapato safi, toa mtaji, gawanya kwa mtaji, zidisha kwa 100.

Vifaa: 66 toa 48 ni 18. Kumi na nane gawanya kwa 48 ni asilimia 37 na nusu. Fremu: 95 toa 48 ni 47. Arobaini na saba gawanya kwa 48 ni kama asilimia 98.

Sasa mtetezi wa fremu anasimama akisema mradi wake una faida karibu mara 3 ya ule mwingine. Asikilizwe, kisha aulizwe: kwa miaka mingapi? Ile asilimia 37 na nusu imepatikana kwa miaka 5, na ile 98 kwa miaka 10. Ukigawanya kwa miaka, vifaa vinatoa asilimia 7 na nusu kwa mwaka na fremu karibu 10. Tofauti iliyoonekana kama mlima imekuwa kichuguu. Kila unapoona tangazo au andiko linalotaja asilimia ya faida bila kutaja muda, ujue nusu ya habari imefichwa.

Na hata ukishagawanya, kipimo hiki kinahesabu shilingi ya mwaka wa kumi kuwa sawa na shilingi ya mwaka wa kwanza. Hakuna mama wa nyumbani anayeamini hivyo. Mtu akikudai laki 1 na akakupa hiari ya kulipa leo au baada ya miaka 10, hutahitaji kufikiri.

Kipimo cha tatu: thamani halisi ya leo

Hapa ndipo kipimo cha tatu kinapoingia. Swali lake ni hili: fedha itakayokuja mwaka fulani huko mbele ina thamani gani ukiileta leo?

Tuseme kamati imeona kwamba fedha yake, ikiwekwa katika ushirika wa halali wenye hatari inayofanana na ya miradi hii, ingetarajiwa kukua kwa asilimia 12 kwa mwaka. Basi milioni 1 ya leo ingekuwa milioni 1 na elfu 120 mwakani. Ukirudi nyuma, milioni 1 ya mwakani ni sawa na milioni 1 gawanya kwa 1.12, yaani kama shilingi 893,000 za leo. Milioni 1 ya mwaka wa pili unaigawanya kwa 1.12 mara 2, inakuwa kama 797,000. Ya mwaka wa kumi inabaki kama 322,000 tu.

Tuvipitishe vifaa vya shughuli katika hesabu hiyo:

- Mwaka wa 1: milioni 20, thamani ya leo milioni 17.86
- Mwaka wa 2: milioni 18, thamani ya leo milioni 14.35
- Mwaka wa 3: milioni 14, thamani ya leo milioni 9.97
- Mwaka wa 4: milioni 9, thamani ya leo milioni 5.72
- Mwaka wa 5: milioni 5, thamani ya leo milioni 2.84

Jumla ni kama milioni 50.7. Toa milioni 48 zilizotolewa leo. Thamani halisi ya leo ya mradi wa vifaa ni milioni 2.7.

Ukifanya vivyo hivyo kwa fremu, 5 za mwaka wa kwanza na 10 kwa kila mwaka hadi wa kumi, jumla ya thamani ya leo ni kama milioni 52. Toa 48, inabaki milioni 4.

Maana ya namba hizi ni nyepesi. Ikiwa juu ya sifuri, mradi unazidi kile ambacho fedha ingepata kwingine. Ikiwa sifuri, ni sawasawa. Ikiwa chini ya sifuri, mradi unaweza kuwa unaingiza fedha kila mwezi na bado ukawa unaikula mali polepole, kwa sababu kwingine ingepata zaidi. Miradi yetu yote miwili imepita, na fremu ziko mbele, lakini kwa milioni 1 na laki 3 tu. Ile faida ya asilimia 98 iliyotikisa ukumbi imeyeyuka, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha yake inakuja mbali.

Je, hii si riba?

Swali hili huulizwa, na ni haki liulizwe. Tukisema shilingi ya mwakani ni pungufu kuliko ya leo, je, hatujaupa muda bei, jambo ambalo ndilo mlango wa riba?

Riba ya mkopo ni ziada inayoshurutishwa juu ya deni. Katika hesabu hii hakuna aliyekopa wala aliyekopesha. Hakuna anayemdai mwenzake. Kamati inalinganisha biashara 2 za halali, na asilimia 12 ni kipimo cha kulinganishia, kama mizani ilivyo chombo cha kupimia na si bidhaa. Wanazuoni walio wengi wa madhehebu 4 wamekubali kwamba muuzaji anaweza kuuza kitu kwa bei kubwa zaidi ikiwa malipo yatacheleweshwa, maadamu bei imekubaliwa moja tangu mwanzo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lenye makao yake Jidda lilipitisha hivyo mwaka 1990, na likakataza kumwongezea mdaiwa chochote akichelewa kulipa. Kwa hiyo muda kuwa na uzito katika bei ya biashara ni jambo moja, na kuutoza muda juu ya deni ni jingine.

Linalotakiwa kuangaliwa ni mahali asilimia hiyo ilipochukuliwa. Kamati isichukue tu riba ya mkopo wa benki na kuiita kipimo. Ianze na gawio ambalo akaunti za mudharaba au hati za sukuk zimekuwa zikitoa, kisha iongeze kidogo kwa sababu fremu na viti vina hatari zaidi. Na hesabu irudiwe kwa asilimia 2 juu na 2 chini. Mradi unaopita kwa 10 na kuanguka kwa 14 ni mradi wa ukingoni, na kamati iuingie ikijua hivyo.

Miaka sawa kwa sawa

Bado kuna kasoro katika ulinganisho wetu. Tumelinganisha mradi wa miaka 5 na wa miaka 10, na tumefanya kana kwamba fremu zitabomoka siku ya mwisho wa mwaka wa kumi. Jengo la tofali halifi hivyo.

Haki ni kuvipa vyote muda sawa. Tuchukue miaka 15. Katika muda huo vifaa vitanunuliwa mara 3: leo, baada ya miaka 5, na baada ya miaka 10. Kila mzunguko una thamani ya milioni 2.7 siku unapoanza, lakini wa pili na wa tatu tunairudisha hadi leo, inapungua. Jumla ya mizunguko 3 ni kama milioni 5.2, na hapo tumekubali kwa ukarimu kwamba bei ya viti na maturubai haitapanda kwa miaka 10.

Fremu kwa miaka 15 zina zile milioni 4 za mwanzo, na miaka 5 ya ziada ya milioni 10 kila mwaka, ambayo kwa thamani ya leo ni kama milioni 11.6. Tutoe milioni 4 za kubadilisha bati mwaka wa kumi, ambazo leo ni kama milioni 1.3. Zinabaki milioni 14 na ushei. Sasa pengo ni la kweli: 14 dhidi ya 5.

Asili ibaki

Kwa mali ya wakfu kuna swali la nne ambalo vipimo vyote vitatu havikuliuliza. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar na kumuuliza Mtume (s.a.w.) aifanye nini, alielekezwa aizuie asili na kuyatoa sadaka matunda yake. Hiyo ndiyo nguzo ya wakfu: asili ibaki, mapato yatumike.

Sasa rudi kwenye vifaa vya shughuli, uwalipe walimu wetu 2. Kwa miaka 5 watachukua milioni 36. Mradi umeingiza 66, zinabaki 30. Lakini viti na maturubai vimekwisha, na kununua vingine kunahitaji 48. Zinakosekana milioni 18. Mwaka wa tano wenyewe uliingiza 5, ilhali walimu wanataka 7 na laki 2. Mradi ulioitwa wa haraka umewalipa walimu kwa kuila asili kidogo kidogo, na hakuna aliyeiba hata shilingi. Ndivyo miradi mingi ya vifaa inavyokufa: kamati inaona fedha nyingi mwaka wa kwanza na wa pili, inaitumia kama mapato, na haitengi fungu la uchakavu. Dalili yake huonekana mapema. Ukiuliza daftari la stoo mwaka wa pili na kukuta viti vimepungua lakini hakuna akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya vipya, mradi umekwishaanza kufa.

Fremu katika miaka 10 zinaingiza 95, walimu wanachukua 72, zinabaki 23. Bati linatoka humo, na jengo bado limesimama. Upungufu upo mwaka wa kwanza, ambapo zinaingia 5 na zinatakiwa 7 na laki 2. Hizo milioni 2 na laki 2 zitafutwe kwanza, ama sivyo sahani ya madrasa iendelee mwaka mmoja zaidi.

Namba moja inayobeba mradi

Tukiishia hapa tungesema fremu zimeshinda, tukaite fundi. Lakini kila andiko lina namba moja inayobeba nyingine zote, na hiyo inatakiwa kutikiswa kabla ya kuchimba msingi. Kwa fremu ni pango.

Lishushe kutoka 250,000 hadi 200,000. Mapato ya mwaka yanakuwa milioni 9 na laki 6. Toa mwezi mmoja tupu, toa matengenezo, yanabaki milioni 7 na laki 8. Kwa miaka 10, thamani halisi ya leo haiwi tena milioni 4 juu ya sifuri. Inakuwa milioni 7 na laki 4 chini yake. Hata ukienda miaka 15, inatambaa hadi karibu na sifuri tu. Elfu 50 kwa mwezi, ambazo kikaoni zingepita bila mtu kuziona, ndizo zinazoamua.

Mahali pa kugeukia ni kama shilingi 232,000. Pango likiwa juu ya hapo, fremu zinajitosheleza ndani ya miaka 10. Likiwa chini, zinategemea miaka ya mbali. Sasa kamati ina jambo la kwenda kuuliza barabarani. Wajumbe 2 watembee mita 500 kila upande na waandike mambo mawili kwa kila fremu: analipa kiasi gani mpangaji aliyemo leo, si kiasi anachotaja dalali, na ni milango mingapi imefungwa kwa minyororo. Wakikuta fremu 20 na 5 zimefungwa, ule mwezi mmoja tupu kwa mwaka ni ndoto, maana mlango mmoja katika minne ni sawa na miezi 3. Wakikuta wapangaji wanalipa 260,000 na hakuna mlango uliofungwa, andiko limesimama. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja.

Vifaa navyo vina namba yao. Mapato ya mwaka wa kwanza yakiwa milioni 17 badala ya 20, thamani halisi ya leo inafika sifuri. Milioni 3 katika mwaka mmoja ni harusi chache zilizoenda kwa mkodishaji mwingine.

Kitakachowekwa mbele ya mkutano mkuu

Andiko linalopelekwa kwa waumini lisizidi ukurasa mmoja na nusu. Liwe na mapato safi ya kila mwaka, vipimo vyote vitatu vikiwa pamoja na muda uliotumika, asilimia ya kulinganishia na ilikotoka, namba inayobeba mradi na mahali inapogeuka, na mstari mmoja unaosema asili italindwa vipi. Linaloletwa na kipimo kimoja tu, kile kinachompendeza mwandishi, lirudishwe likamilishwe.

Kisha likishapitishwa lisifungiwe kabatini. Kila mwisho wa mwaka mweka hazina aliandikie safu ya pili: tulitarajia kiasi hiki, tumepata kiasi hiki, na tofauti imetokana na nini. Fremu ikikaa tupu miezi 3 mwaka wa kwanza, safu hiyo itaonyesha mapema, na kamati itashusha pango kidogo au kutafuta mpangaji wa aina nyingine huku mradi ukiwa bado mchanga, na mishahara ya walimu haijaanza kuchelewa.